Hina ya Kichwani kwa Ngozi Inayochagua

Wiki mbili zilizopita tuliahidi kuandika juu ya hina ya nywele, na tumechelewa kwa sababu tulitaka kwanza tuione inavyotenda mpaka mwisho. Aliyetukubalia tumjaribie ni shangazi yetu wa Mwakirunge, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, ambaye mvi zimempanda pande zote mbili za paji na ambaye ngozi yake haichukui kila kitu. Anakaa upande ambao upepo wa alasiri huleta vumbi na moshi wa jaa la taka, basi kichwa huoshwa mara nyingi kuliko kawaida, na kichwa kinachooshwa sana hukauka.

Hatuwezi kuieleza hina bila kwanza kueleza piko, kwa sababu ndiyo iliyomfanya ngozi yake iwe hivyo. Miaka michache nyuma alipakwa maua ya piko mikononi kwa harusi ya mpwa wake. Alikuwa amepakwa piko mara tatu kabla ya hapo, salama. Safari hii usiku wa kwanza haukuwa na neno. Jioni ya pili mikono ikaanza kumwasha. Siku ya tatu yale maua yaliinuka, jani kwa jani, yakajaa malengelenge ya maji, na pasipopakwa ngozi ilikuwa shwari kabisa. Zahanati walimpa dawa ya kupaka ya kutuliza uvimbe. Malengelenge yalikauka baada ya wiki mbili, lakini alama nyeupe za maua zilikaa mikononi kwa miezi.

Mhalifu ni rangi ya nywele iliyomo ndani ya piko, parafenilinidiamini, ambayo hufupishwa PPD. Ndiyo inayotoa weusi wa haraka. Ilitengenezwa kwa nywele, na Umoja wa Ulaya unaruhusu isizidi asilimia 2 katika rangi ya nywele wakati wa kupakwa, tena hairuhusu kabisa ipakwe kwenye ngozi. Mpakaji anayekoroga kwa kukisia anaweza kupita kipimo hicho bila kujua. Mwili ukishaikataa PPD huwa umeijua kwa maisha, na ndiyo maana mtu hupakwa mara kadhaa salama, kisha siku moja akavimba. Ukatazo huo hauishii mikononi: mwenye kuvimba kwa piko akitia rangi nyeusi ya dukani kichwani, anaweza kuvimba masikio, kope na uso mzima. Shangazi alikuwa anakusudia kununua rangi hiyo hiyo kuficha mvi zake. Tulimzuia. Hukumu ya kutia nywele weusi tunawaachia masheikh. Sisi tulizungumza ya ngozi tu.

Hina yenyewe ni jani la mhina lililokaushwa na kusagwa. Rangi yake hushikana na nywele na ngozi, na mzio wake ni wa nadra. Shida ni pakiti. Ziko zilizoandikwa hina nyeusi au hina ya kahawia iliyokoza, na humo huwa mna PPD. Tulizinunua pakiti mbili za madukani, majina yake tunayaacha, tukazipima kwa kitambaa cheupe cha pamba kabla ya kumgusa mtu. Kijiko kimoja cha unga kwa maji ya uvuguvugu, kikapakwa kitambaani. Ya kwanza unga wake ulikuwa wa kijani kilichofifia, ukanukia majani makavu, na baada ya saa mbili ulipokwanguliwa uliacha rangi ya chungwa. Ya pili ilikuwa ya hudhurungi tangu mwanzo, na kitambaa kikaelekea weusi ndani ya saa moja. Hiyo tuliitupa. Kipimo hiki kinanasa rangi iliyotiwa kwa wingi. Iliyotiwa kidogo kinaweza kuikosa, kwa hiyo hakitoshi peke yake.

Siku ya Jumamosi tukampaka Shangazi tone lenye ukubwa wa punje ya kunde ndani ya kiwiko, likakaa saa mbili, likaoshwa. Hapa kuna jambo la kuangalia. Hina ikishatia rangi, wekundu wa ngozi hauonekani, basi usitegemee macho peke yake. Tulimwambia apitishe kidole juu ya doa asubuhi na jioni: je, limeinuka, lina joto, linawasha? Jumatatu, baada ya saa 48, lilikuwa tambarare. Tukangoja mpaka Jumamosi iliyofuata, kwa kuwa mzio mwingine huchelewa, na kwa mtu aliyewahi kuugua hatukuona sababu ya kukimbilia.

Kichwani tulitumia gramu 100 za unga kwa nywele zinazofika mabegani. Tuliukoroga kwa maji matupu mpaka ukawa kama uji mzito, ukakaa saa tatu umefunikwa. Wengi hutia ndimu ili rangi ikolee. Sisi hatukutia, kwa sababu maji ya ndimu huchoma kichwa kilichokauka, na mwasho wake ungetuchanganya. Tulipaka mafuta ya nazi kwenye kingo za paji na masikio ngozi isishike rangi, tukamfunika kwa saa tatu, kisha tukamwosha kwa maji mengi bila sabuni.

Jioni ile mvi zilikuwa za rangi ya karoti, na Shangazi alijitazama kiooni akasema, “Wanangu, mmenifanya embe bivu.” Kesho yake zilikuwa zimetulia, na siku ya tatu zilikuwa nyekundu iliyoelekea hudhurungi. Nywele nyeusi hazikubadilika ila juani, zikionyesha wekundu kidogo. Kichwa kilimvuta na kumwasha siku mbili za mwanzo, bila kuvimba wala vipele. Tuliuhesabu kuwa ukavu, na ulikwisha alipopaka nazi usiku. Nywele zilikuwa ngumu mkononi kwa wiki nzima. Wiki ya nne mizizi myeupe ilikuwa imechomoza kiasi cha upana wa ukucha. Wiki ya sita alirudia, safari hii akapaka mizizi tu, na hapakuwa na mwasho.

Basi hina hii ilimfaa Shangazi. Haikumfanya mweusi, haikuzuia nywele kukatika, haikuponya mba, na mwuzaji anayeahidi hayo msimsadiki. Ni mtu mmoja na pakiti moja; pakiti ya safari ijayo ipimwe upya hata ikiwa na jina lile lile. Mwenye kichwa chenye vidonda angoje vipone. Aliyewahi kuvimba kwa piko asijijaribishe piko tena nyumbani hata kwa tone. Daktari wa ngozi ana kipimo chake cha kubandika mgongoni. Ukiona kope zinavimba au pumzi inabana baada ya kupaka chochote, osha papo hapo uende hospitali.

Na watoto wachanga msiwapake hina, hata iliyo safi. Wako wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao si mgeni katika nchi za malaria, na kwao hina hupenya ngozini ikavunja chembe nyekundu za damu. Mtoto hugeuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya mkandaa, na mama huenda asijue kilichotangulia ni maua ya miguuni.