Madai ya waya na fyuzi ninayoyasikia Ediofe

Hapa Ediofe, ukizunguka mitaa ya karibu na kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, nyumba nyingi zina sura moja: nyumba kubwa ya bati mbele, jiko la nyasi nyuma, na katikati ua uliofagiliwa. Betri ya sola hukaa nyumba kubwa. Mama anataka taa jikoni, vijana wanataka taa kwenye kijumba chao, na fundi anaitwa avute waya apite ua. Ule ua ndio unaowashinda mafundi wengi.

West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta, kisha kituo kidogo cha Nyagak kule Zombo, cha megawati 3.5, kilichoanza kazi mwaka 2012. Kwa hiyo sola ilienea mapema, na waliokuja kuifunga ni mafundi waliozoea umeme wa volti 240. Walikuja na mazoea yao, na mengi ya madai ninayoyajibu hapa yametoka huko. Nitayajibu kwa kutumia nyumba moja niliyoitwa kuirekebisha, kwa sababu makosa yote yalikuwa pale pale.

Nyumba yenyewe ilikuwa hivi. Betri ya risasi na asidi ya volti 12, ampea-saa 100. Kutoka betri hadi jikoni, ukiufuata waya unavyopanda ukuta, unavyopita chini ya bati na kuvuka ua, ni mita 22. Mwisho wa waya huo kuna balbu nne za LED, kila moja wati 6: moja jikoni, moja mlangoni, moja kwa vijana na moja chooni. Waya ulikuwa ule mwembamba wa mapacha, wa milimita za mraba 0.75. Fyuzi ilikuwa ya gari, ya bluu, yaani ampea 15. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshaambiwa na fundi wa kwanza anunue betri nyingine.

"Volti 12 haziumi mtu, waya wowote unatosha."

Nusu ya kwanza ni kweli. Ukigusa vichwa vya betri kwa mikono mikavu hutasikia kitu. Lakini waya haujui volti, unajua ampea zinazopita ndani yake. Balbu zile nne ni wati 24. Kwa umeme wa volti 240, wati 24 ni ampea 0.1. Kwa volti 12 ni ampea 2, mara ishirini zaidi, kwa mwanga ule ule. Na kila ampea inayopita inaacha volti kidogo njiani. Ukipoteza volti 2 katika 240, hakuna anayeona. Ukipoteza volti 2 katika 12, moja ya sita ya chakula cha taa imeishia ukutani. Ndiyo maana waya uliofanya kazi vizuri maisha yake yote kwenye umeme wa mtaani unaweza kushindwa kabisa kwenye sola.

Tena betri hiyo isiyouma, waya wake ukigusana chanya na hasi bila fyuzi, inamwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Hiyo inatosha kuyeyusha ganda la plastiki na kuwasha nyasi za paa.

"Waya huu unabeba ampea 6, taa zangu ni ampea 2 tu, basi niko salama."

Dai hili ndilo linalodanganya watu wenye akili, kwa kuwa hesabu yake si ya uongo. Waya wa 0.75 kweli unabeba ampea 6 bila kupata moto wa kuuharibu. Lakini hilo ni swali la joto, na mama wa jikoni hakuuliza kuhusu joto, aliuliza kwa nini hauoni ugali sufuriani. Kwenye volti 12 swali linalochagua waya ni urefu.

Hesabu yake ni nyepesi. Mita moja ya shaba ya 0.75 ina ukinzani wa omu 0.026. Umeme unakwenda kwenye taa na kurudi, kwa hiyo mita 22 ni mita 44 za shaba. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanapima kwenda na kusahau kurudi. Zidisha 44 kwa 0.026, unapata omu 1.14. Zidisha kwa ampea 2, unapata volti 2.3 zilizopotea. Betri ikiwa na volti 12.2 jioni, jikoni zinafika 9.9. Balbu nyingi za bei ya chini zina vidoti vya LED vilivyopangwa vitatu vitatu, na kila kikundi kinataka volti 9 hivi kabla hakijawaka hata kidogo. Ukifikisha 9.9 umebakiza kiporo tu.

Sasa badilisha unene na uone. Waya wa 1.5, ambao ndio fundi wa umeme wa nyumba hushika bila kufikiri, unapoteza volti 1.06, karibu asilimia 9. Waya wa 2.5 unapoteza 0.65, zaidi kidogo ya asilimia 5. Waya wa 4 unapoteza 0.41, asilimia 3 na kitu. Mimi sivuki asilimia 5 kwenye taa, maana betri yenyewe itashuka usiku na kuongeza hasara juu ya hasara. Kwa hesabu hiyo ingebidi waya wa 4, na mita 44 za shaba nene zinauma mfukoni.

Lakini kabla ya kununua shaba, tazama taa. Choo hakihitaji wati 6, wala mlango. Tuliweka wati 3 hapo na hapo, jumla ikawa wati 18, yaani ampea 1.5. Waya wa 2.5 ukapoteza volti 0.49, asilimia 4. Balbu mbili ndogo zilituokolea ngazi nzima ya waya.

Hesabu hizi ni za shaba halisi. Sokoni kuna waya wenye rangi ya shaba juu na alumini ndani, na ukinzani wake unafika mara 1.6 ya shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, urudishe. Roli lake pia ni jepesi mkononi kuliko linavyopaswa.

"Taa ni hafifu, basi betri imekufa."

Huenda imekufa. Lakini mita ya kupimia inatoa jibu kwa dakika mbili, na betri ni ghali mno kubahatisha. Washa taa zote. Pima kwenye vichwa vya betri, kisha nenda ukapime kwenye balbu ya mwisho huku taa zikiwa bado zinawaka. Ukipima taa zikiwa zimezimwa utaona volti zile zile pande zote mbili, kwa sababu pasipo ampea hakuna kinachopotea, na hapo ndipo fundi wa kwanza alipodanganyika. Kama betri inasoma 12.2 na balbu 9.9, mgonjwa ni waya au kiungo. Gusa viungo: kilicho na joto kuliko waya wenyewe kimelegea au kimeota kutu. Kama betri yenyewe inaanguka hadi 11 mara tu taa zinapowashwa, baada ya siku nzima ya jua, hapo zungumzia betri.

Pale kwa mama yule betri ilisoma 12.2. Hakuhitaji betri nyingine.

"Fyuzi inalinda taa. Ikikatika, weka kubwa zaidi isikusumbue."

Hili ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Fyuzi iko pale kwa ajili ya waya. Balbu ikishaharibika imeharibika, fyuzi haiwezi kuiponya. Kazi yake ni kukatika kabla waya haujapata moto. Kwa hiyo iwe kubwa kuliko ampea za taa, ongeza robo ili isikatike ovyo, na iwe ndogo kuliko uwezo wa waya mwembamba kuliko wote ulio mbele yake, pamoja na ule unaoning'inia kwenye balbu.

Irudie ile fyuzi ya bluu ya ampea 15. Tuseme panya ametafuna waya wa 0.75 pale darini mwa jiko, chanya na hasi zikagusana. Ni ampea ngapi zitapita? Volti 12 gawanya kwa omu 1.14: ampea 10.5. Fyuzi ya 15 inaziona 10.5 na kuzipitisha bila wasiwasi. Hata fyuzi ya 10 inaweza kukaa saa nyingi bila kukatika. Waya wa ampea 6 umebeba 10.5 ndani ya nyasi kavu, usiku, na watu wamelala. Urefu ule ule uliofifisha taa umeizuia fyuzi isione hatari. Watu hudhani waya mwembamba angalau utakatisha fyuzi upesi, na mambo ni kinyume chake.

Kwa waya wa 2.5 omu ni 0.33, na hitilafu ya mwisho wa laini inavuta ampea 36 au zaidi. Fyuzi ya ampea 5, ile ya gari yenye rangi ya kahawia hafifu, inakatika papo hapo. Ampea 5 ni kubwa kuliko mzigo wetu wa 1.5, na ni ndogo kuliko 6 za waya mwembamba wa balbu. Basi tukaweka hiyo. Ikikatika tena, usiibadilishe kwa kubwa wala usiiunge kwa uzi wa waya. Zima swichi zote, weka nyingine ya 5, kisha washa taa moja moja. Ile inayoikata ndiyo yenye kasoro.

"Kontrola ina ulinzi wake, na fyuzi naweka karibu na taa ili iwe rahisi kufikia."

Kontrola inalinda kilicho mbele yake tu. Waya unaotoka betri hadi kontrola hauna mlinzi mpaka uwekewe fyuzi. Na fyuzi iliyowekwa jikoni inaacha mita 22 za waya wazi nyuma yake. Iweke kwenye waya wa chanya, shubiri moja kutoka kichwa cha betri, kabla waya haujagusa ukuta wala msumari.

Usiku ule, baada ya kubadilisha waya, balbu na fyuzi, betri ilisoma 12.2 na jiko likasoma 11.7. Kwako pia, kabla hujaenda dukani, chukua kamba, ifuate njia ya waya kuanzia betri hadi taa ya mwisho, uipime na uzidishe kwa mbili. Mpe muuza duka namba hiyo pamoja na wati za taa zako, ndipo muanze kuzungumzia bei.