“Tutalipa” ya Kismayo si “tutalipa” ya Mombasa

Wafanyabiashara wengi wakigombana kuhusu mzigo hutafuta kosa kwenye bei au kwenye mizani. Mara nyingine kosa limo katika silabi moja ya barua pepe: “tu”.

Chukua kisiwa cha Kudhaa, kusini mwa Kismayo. Wenyeji wake ni Wabajuni, na Kibajuni ni lahaja ya Kiswahili. Lakini anayeuza samaki Kismayo mjini hukuta sokoni Kisomali kimetawala. Mtu huyo anaishi kati ya lugha mbili ambazo hazihesabu “sisi” kwa namna moja.

Kisomali sanifu kina “sisi” mbili. “Annaga” ni sisi bila wewe ninayezungumza nawe. “Innaga” ni sisi pamoja nawe. Tofauti hiyo hufika hadi kwenye sentensi ya malipo: “waannu bixin doonnaa” maana yake tutalipa sisi, wewe humo, “waynu bixin doonnaa” maana yake tutalipa sote, na wewe umo. Kiswahili kina “tutalipa” tu, na Kiingereza nacho hakitofautishi. Tena sisi watu wa pwani tumezidisha utata, kwa kuwa mtu mmoja husema “twashukuru” kwa unyenyekevu, akiona “nashukuru” ni kujitanguliza.

Sasa tuseme wakala wa Kismayo anampelekea mnunuzi wa Mombasa kilo 200 za kambakoche, kwa bei ya mfano ya dola 10 kwa kilo. Barafu inayeyuka njiani na kilo 40 zinaoza. Hasara ni dola 400. Wakala anaandika: “Mzigo umeharibika kwa sababu barafu ilichelewa. Tutabeba hasara hiyo.” Kichwani mwake anawaza “innaga”, yaani wagawane dola 200 kila mmoja. Mnunuzi anasoma kwamba kampuni ya Kismayo imekubali kubeba zote, anakata dola 400 kwenye malipo, na analo andiko la kuthibitisha. Hakuna aliyedanganya, lakini urafiki umekwisha.

Iangalie pia sentensi ya kwanza. “Umeharibika” haitaji mtu, na “barafu ilichelewa” imeibebesha barafu lawama. Kwetu huo ni ustaarabu. Hatumnyoshei mwenzetu kidole. Kisomali nacho kina njia zake: kikombe “waa jabay”, kimevunjika chenyewe, au “waa la jebiyey”, kuna aliyekivunja lakini hatajwi. Kila lugha ina mlango wa kutokea. Ana kwa ana, uso na sauti humsaidia msikilizaji kujua nani anakiri. Katika barua pepe msaada huo haupo, na mnunuzi anayesubiri jibu huona anakwepwa.

Wapo watakaosema dawa ni kuandika “mimi” kila mahali. Sikubaliani nao. Karani akiandika “nitalipa dola 400”, amejiingiza mwenyewe kwenye deni la tajiri wake, na siku ya ugomvi anaweza kuulizwa alikuwa akisema kwa niaba ya nani. Kinachofaa ni kutenganisha mambo matatu ambayo “tu” huyafunga pamoja: nani alifanya, nani analipa, na nani anafuatilia.

Barua ile ingeandikwa hivi: “Dereva wetu alichelewa kufikisha barafu, na kilo 40 zimeoza. Kampuni yetu inapendekeza hasara ya dola 400 igawanywe: sisi wauzaji dola 200, wewe mnunuzi dola 200. Mimi ndiye ninayeshughulikia suala hili; naomba jibu lako kabla ya Alhamisi.” Adabu imebaki, na hakuna aliyetukanwa. Mnunuzi anaweza kukataa, lakini atakuwa anakataa jambo analolielewa.

Nawe ukiipokea “tutalipa” isiyo na mwenyewe, usikimbilie kukata fedha. Uliza kwa upole: “Je, ndugu yangu, ni ninyi peke yenu au sote wawili?” Swali hilo ni rahisi kuliko safari ya kufuata dola 200.

Somalia imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024, na wakuu wa nchi walikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi ya Jumuiya. Barua za Kismayo zitazidi kuja kwa Kiswahili kilichofikiriwa kwa Kisomali, na zetu zitasomwa huko kwa masikio ya Kisomali. Popote sentensi inapogusa fedha, “tu” isiachwe peke yake. Iandamane na jina la anayelipa.