Mzigo ukiwa bado njiani, muuzaji hajachelewa

Muuzaji asiyelipwa ana haki ya kushikilia mali iliyo ghalani mwake, ila iliyokwisha kupakiwa ndiyo inayowatia watu hasara. Tuseme mfanyabiashara wa Mombasa ameuza mabati 1,000 kwa mkopo kwa duka la Nakuru. Mabati 400 bado yako ghalani, 600 yako kwenye lori la msafirishaji, kisha anapata habari kwamba mnunuzi ameshindwa kulipa madeni yake.

Yale 400 asiyatoe, hata kama muda wa mkopo haujaisha. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inamruhusu. Kwa yale 600, amwandikie msafirishaji mara moja kwamba asiyakabidhi. Taarifa ikipelekwa ofisini badala ya kwa dereva, lazima ifike mapema kiasi cha ofisi kuweza kumzuia dereva kabla hajashusha. Gharama za kurudisha mzigo ni za muuzaji.

Lakini lori likiwa la mnunuzi mwenyewe, kwa kawaida safari huhesabiwa imeisha pale pale lilipopakiwa. Muuzaji hubaki kupanga foleni na wadai wengine. Hili linaniuma, maana wengi hufurahi mnunuzi akileta gari lake.

Kushikilia mali peke yake hakuvunji mkataba. Kabla ya kumuuzia mwingine, mnunuzi apewe notisi na muda wa kutosha wa kulipa, isipokuwa mali ni ya kuharibika upesi. Bei mpya ikipungua, tofauti inadaiwa kwenye ufilisi wake.