Kinga yako huanza na awamu ya nane
SAFU YA MFUKO WETU
Na Rehema Mwakio

Chukua friji inayouzwa Sh45,000 taslimu. Muuzaji anakwambia uweke arbuni ya Sh9,000, kisha ulipe Sh4,500 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Wengi hupima ile Sh4,500 tu na kuona wataimudu. Jumlisha: friji imekuwa Sh63,000. Umekopeshwa Sh36,000 na kuongezwa Sh18,000 juu, na kwa kuwa deni linapungua kila mwezi, riba yake halisi ni karibu asilimia 7 kwa mwezi. Ndiyo maana Sheria ya Kenya, Sura ya 507, humtaka muuzaji akuandikie bei ya taslimu kabla hamjaandikiana mkataba. Idai.

Ila bei si jambo linalonikera zaidi. Friji hiyo si yako hadi shilingi ya mwisho ilipwe. Hadi hapo umeikodi tu. Ukiruka awamu, kwanza utapigiwa simu, halafu utatozwa faini kama mkataba unasema hivyo, na mwishowe pikapu itasimama mlangoni.

Hapo sheria imeweka mpaka ambao wateja wachache wanaujua. Ukishalipa theluthi mbili ya bei yote ya mkopo, muuzaji haruhusiwi kukunyang'anya mali bila kwenda mahakamani. Akiichukua kwa nguvu, mkataba unakufa, deni lililobaki linafutika, na una haki ya kudai kila ulichomlipa.

Theluthi mbili ya Sh63,000 ni Sh42,000, na arbuni inahesabiwa. Mama aliyelipa awamu saba amefikisha Sh40,500. Akikwama mwezi wa nane, friji inaweza kubebwa akiitazama, kwa sababu ya Sh1,500 tu. Angeitafuta hiyo Sh1,500, hata kwa chama au kwa jirani, angekuwa na sheria upande wake. Nashangaa jinsi watu wanavyohangaika kutafuta awamu nzima, wakiikosa hawapeleki chochote, ilhali kiasi kidogo kingewavusha. Deni la awamu hiyo litabaki, ndiyo, na muuzaji anaweza kukushtaki. Lakini kwa hakimu utasikizwa. Kwa vijana wa pikapu husikizwi.

Wanaokusanya madeni wanaujua mpaka huu vizuri kuliko wewe. Kwa hivyo huja na karatasi na kalamu, wakikuomba kwa upole utie saini kwamba umerudisha mali kwa hiari. Anayerudisha kwa hiari hajanyang'anywa, na kinga yake inaanguka papo hapo.

Basi leo usiku toa mkataba kabatini, tafuta jumla ya bei, igawe kwa tatu, zidisha kwa mbili, uilinganishe na risiti zako. Ukiwa umevuka, usitie saini karatasi yoyote mlangoni.