Jina, Nembo au Mpango?

SWALI: Sisi ni vijana watatu wa Kombewa. Twataka kukausha omena, ambao nyinyi wa Pwani mwawaita dagaa, tuwauze Mombasa. Mchoraji ameshatudai malipo ya nembo. Je, kitangulie nini: jina, nembo au mpango?

JIBU: Kwa maoni yangu, mpango kwanza. Itazameni M-Pesa. Ilipojaribiwa mwaka 2005, kusudio lilikuwa wakopaji walipe madeni yao kwa simu. Lakini watu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Basi ilipozinduliwa Machi 2007, mpango ulikuwa umegeuka: kupeleka pesa nyumbani. Jina halikuwa kikwazo, maana "pesa" ni pana. Lau lingetaja mikopo, lingewabana.

Nanyi pelekeni kwanza gunia moja, mjue mnunuzi ni nani: mama wa jikoni au mfuga kuku? Mama ataka dagaa wasio na mchanga, tena kwa vipakiti. Mfugaji atazama bei. Mkishajua, chagueni jina lisilowafunga kwa samaki mmoja. Msajili wa Makampuni humwekea mtu jina kwa siku 30, lakini aweza kulikataa likifanana na la mwingine. Likikataliwa, nembo iliyokwisha chorwa hutupwa, pamoja na magunia yaliyopigwa chapa.

Kwa hiyo mchoraji na angoje. Zamu yake ni ya mwisho.