Mtu wa pili katika mkataba wa kisanduku cha benki

Mama mmoja wa hapa Ole aliniletea mkataba wa kukodi kisanduku cha benki, anamokusudia kuhifadhi dhahabu zake na hati ya shamba la mikarafuu. Tuliusoma kifungu baada ya kifungu.

Ada ni ya mwaka. Kisanduku hufunguliwa kwa funguo mbili, wa benki na wa mwenyewe. Ukipotea wake, kufuli huvunjwa kwa gharama yake. Tena hufunguliwa saa za kazi tu, basi dhahabu ya harusi ya Jumapili itolewe mapema.

Benki haijui kilichomo. Kwa hiyo mkataba huu ni ijara ya nafasi, wala benki haikupokea mali yenyewe kwa hesabu. Ndiyo sababu fidia imewekewa kikomo. Nilimshauri apime na kupiga picha kila kipande, na orodha ibaki nyumbani.

Penye mtu wa pili alimwandika mwanawe mkubwa, akidhani kwamba akifa, huyo ndiye atakayevichukua vilivyomo. Sivyo. Mtu huyo ni wakili wake tu, na uwakala hukatika kwa mauti. Benki ikishapata habari ya kifo, humzuia mpaka apatikane msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa kisheria, kwani vilivyomo ni haki ya warithi wote, mabinti wakiwemo.

Alilibakisha jina la mwanawe, akawaeleza watoto wote maana yake. Wasia wake hakuuweka humo, usije ukafungiwa siku unapohitajika.