Mchango wa Mshahara: Ni Nani Hasa Aulipaye?

Askari polisi na mwanajeshi wa Uganda hawamo katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ujulikanao kama NSSF, kwa kuwa wana pensheni yao ya serikali. Lakini mke wa askari aliyeajiriwa dukani mjini Kasese, au kijana wake aliye karani katika ghala la kahawa huko Bwera, mfuko huo unamhusu. Tena tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, unamhusu hata kama mwajiri ana mfanyakazi mmoja tu. Hapo awali sheria iliwabana waajiri wenye wafanyakazi watano au zaidi.

Kila mwezi mfuko hupelekewa asilimia 15 ya mshahara: 10 za mwajiri na 5 za mfanyakazi. Mwajiri ndiye azipelekaye zote, naye hana ruhusa ya kukata zile 10 zake katika mshahara wa mfanyakazi. Wengi wakisikia hivyo huamini kwamba tajiri amebeba theluthi mbili za mzigo. Hesabu haisemi hivyo.

Mathalani, karani wa Bwera ameandikiwa mshahara wa shilingi 200,000 kwa mwezi. Kodi ya mapato na iwekwe kando ili hesabu iwe nyepesi. Mwajiri anaongeza 20,000 na karani anakatwa 10,000. Basi mwajiri anatoa jumla ya 220,000, karani anapokea 190,000, na mfuko unapata 30,000. Sasa ichukuliwe kwamba sheria imegeuzwa, nayo yasema mfanyakazi alipe zote 30,000. Mwajiri aliyekuwa tayari kutoa 220,000 ataandika mshahara wa 220,000, akate 30,000, na karani apokee 190,000 zile zile. Ikisema mwajiri alipe zote, ataandika 190,000 na kuongeza 30,000 juu yake. Mapatano ya mshahara yakishafanywa upya, kilichobadilika ni maandishi ya karatasi tu.

Basi ni nani aubebaye mzigo? Huubeba zaidi yule asiyeweza kuondoka kwa urahisi. Kwa kibarua wa Bwera ambaye nyuma yake vijana kumi wanangoja nafasi hiyo hiyo, mwajiri hatathubutu kukata zile 20,000 waziwazi. Atanyamaza tu mwaka mpya ukifika, na nyongeza iliyotazamiwa haitatoka. Au mfanyakazi mpya ataandikwa kwa kiasi cha 182,000, ambazo pamoja na asilimia 10 hufikia 200,000 za zamani. Sheria huona makato. Nyongeza isiyotolewa haiioni. Wala kima cha chini cha mshahara hakimkingi, kwa sababu kile kilichowekwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi.

Mambo ni kinyume kwa fundi stadi wa mitambo ambaye kiwanda hakiwezi kumpata mwingine upesi, au kwa mama awezaye kuacha duka la watu na kufanya biashara yake katika soko la Mpondwe. Hao wakipunguziwa huondoka, kwa hiyo mwajiri hulazimika kuubeba mzigo mwenyewe.

Nchi nyingine zimeyapima mambo haya. Huko Chile, mageuzi ya pensheni ya mwaka 1981 yaliwapunguzia waajiri mzigo huo sana. Mchumi Jonathan Gruber, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997, aliona kwamba karibu nafuu yote iliishia katika mishahara ya wafanyakazi. Lakini Uswidi ilipopunguza mchango wa waajiri kwa vijana kuanzia mwaka 2007, mishahara ya vijana haikupanda kuliko ya wenzao. Kilichoongezeka ni vijana walioajiriwa. Kwa hiyo mzigo hauhamii upande mmoja daima, wala hauhami kwa kasi moja.

Aidha, mchango wa NSSF si sawa na kodi iliyokwenda moja kwa moja. Ni akiba yenye jina la mfanyakazi, nayo huongezewa faida. Anayeiamini akiba hiyo hukubali mshahara mdogo kidogo bila kuona amepoteza. Hasara kamili humpata yule ambaye fedha zake hazikufika mfukoni.

Hilo hutambulika. Karani wa 200,000 akitazama taarifa ya akaunti yake, aone 30,000 kwa kila mwezi. Akiona 10,000 tu, sehemu ya mwajiri haikufika. Asipoona kitu, makato yake nayo yamebaki kwa mwajiri. Na akipokea 170,000 mkononi badala ya 190,000, amekatwa na sehemu isiyo yake, jambo ambalo sheria imelikataza. Ama mshahara uliokwisha punguzwa kabla ya mkataba kutiwa sahihi, huo hauonekani katika taarifa yoyote. Kwa hiyo anayetafuta kazi na aulize mambo mawili pamoja: atapokea kiasi gani mkononi, na mwajiri atatoa kiasi gani kwa jumla.